Kipepeo wa dola 20: Kulenga bei ya kahawa ya London ukiwa Kampala

Mfanyabiashara wa kahawa wa Kampala anaweza kununua kiboko Masaka, au kupokea magunia yaliyovuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kasindi, lakini bei yake ya mwisho haitungwi Uganda. Robusta hupimwa kwa bei ya soko la ICE jijini London, ambako mkataba mmoja ni tani 10 na bei hutajwa kwa dola kwa tani. Mnunuzi wa ng'ambo humwambia muuzaji wa Kampala: nitakupa bei ya London ya mwezi fulani, ongeza au punguza dola kadhaa kulingana na ubora. Kontena moja la futi 20 hubeba magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2, na hiyo ni karibu mikataba miwili ya London.

Mwezi wa Septemba 2024 robusta ilivuka dola 5,000 kwa tani. Tangu kipindi hicho wafanyabiashara wengi wamezoea kuona bei ikiruka au kuanguka dola 100 ndani ya siku moja. Katika hali kama hiyo hutokea madalali wa ng'ambo wenye ofa tamu: kama una bei unayoitarajia, nunua kipepeo, weka dola 20 kwa tani, na ukilenga sawasawa utapata 200. Hesabu hiyo si ya uongo. Ila imeacha nje mambo mawili: kwamba hizo 200 hazionekani hadi dakika za mwisho, na kwamba ni vigumu sana kumpata kipepeo kwa hizo 20.

Kipepeo hajengwi kwa kahawa yenyewe. Hujengwa kwa haki za kununua. Mwenye haki ya kununua ya 4,400 anaweza kuchukua mkataba wa London kwa dola 4,400 kwa tani hadi siku ya mwisho ya haki hiyo, hata kama soko limefika 4,700. Soko likibaki chini ya 4,400 anaiacha haki ife, na hasara yake ni ada aliyolipa. Aliyemuuzia haki hiyo yuko upande wa pili: amepokea ada, lakini lazima atoe mkataba kwa 4,400 akidaiwa.

Hapa Kampala hakuna soko la haki hizi. Soko la Hisa la Uganda, lililoanza kuuza na kununua mwaka 1998, hushughulika na hisa na hati fungani. Kwa hiyo anayetaka haki za kahawa hufungua akaunti kwa dalali wa ng'ambo, na oda yake huenda moja kwa moja London.

Namna kipepeo anavyojengwa

Tuchukue mfano, na bei zake ziwe za kufundishia tu. London inasimama dola 4,400 kwa tani. Zimebaki siku 45 kabla ya siku ya mwisho ya haki. Mfanyabiashara wetu amefuatilia mavuno ya Vietnam na Brazili na anaamini kwamba siku hiyo bei itakuwa karibu na 4,600, si juu sana wala chini sana. Hiyo ndiyo shabaha yake.

Ananunua haki moja ya 4,400 kwa dola 275 kwa tani. Anauza haki mbili za 4,600, kila moja kwa 193. Kisha ananunua haki moja ya 4,800 kwa 131. Ametoa 275 na 131, jumla 406. Amepokea 193 mara mbili, yaani 386. Tofauti ni dola 20 kwa tani, au dola 200 kwa mkataba wa tani 10. Zile haki mbili za katikati ndizo mwili wa kipepeo, na haki moja kila upande ni mabawa yake.

Sasa tazama siku ya mwisho. London ikiwa 4,400 au chini yake, haki zote zinakufa bila thamani na amepoteza dola 20. Ikiwa 4,500, haki ya kwanza ina thamani ya 100 na nyingine hazina kitu, kwa hiyo baada ya kutoa gharama anabaki na faida ya 80. Ikiwa 4,600 kamili, haki ya kwanza ina thamani ya 200, zile alizouza hazimdai chochote, na faida yake ni 180 kwa tani, yaani dola 1,800 kwa mkataba. Huo ndio ukomo.

Bei ikipita hapo, faida inaanza kuyeyuka. Ikiwa 4,700, haki ya kwanza inampa 300, lakini zile mbili alizouza zinamdai 100 kila moja, hivyo inabaki 100, na faida ni 80. Ikiwa 4,800, haki ya kwanza inampa 400 na zile mbili zinamdai 400. Kilichobaki ni sifuri. Juu ya hapo ile haki ya 4,800 aliyoinunua inazuia deni lisiendelee kukua, na hasara yake inabaki zile dola 20.

Ukichora matokeo hayo kwenye karatasi utapata umbo la hema. Ardhi ni tambarare kushoto hadi 4,400, mteremko unapanda hadi kilele cha 4,600, unashuka hadi 4,800, kisha ardhi inakuwa tambarare tena. Mahali ambapo mfanyabiashara hapati wala hapotezi ni 4,420 na 4,780. Ndani ya nafasi hiyo ana faida, nje yake ana hasara.

Kwa nini ni rahisi hivyo

Mtu akikuuzia kwa 20 kitu kinachoweza kufika 200, jiulize kinafika mara ngapi. Kwa soko linaloyumba kwa kiwango cha asilimia 45 kwa mwaka, kiwango nilichotumia kupata bei za mfano huu, bei inayoanzia 4,400 ina nafasi kama 18 kati ya 100 ya kuishia kati ya 4,420 na 4,780 baada ya siku 45. Mara 82 mfanyabiashara anapoteza, zote au sehemu ya ada yake. Na katika zile mara 18, nyingi zinaangukia kwenye miteremko ya hema, si kwenye kilele. Ukijumlisha malipo yote na kuyagawa kwa mara 100, unapata wastani wa karibu dola 20. Ada hiyo haina punguzo. Ni bei ya haki kwa shabaha nyembamba.

Kwa hiyo kipepeo ana maana kwa mtu mwenye sababu ya kuamini kwamba nafasi ya bei kutua pale ni kubwa kuliko soko linavyodhani. Asiye na sababu hiyo analipa bei sawa na ya bahati nasibu, kisha anaongeza gharama za dalali juu yake.

Hema hupanda mwishoni

Tuseme mfanyabiashara wetu ana jicho zuri. Baada ya siku 24 London imefika 4,600, pale pale alipolenga. Anafungua simu akitarajia kuona karibu 200. Anakuta thamani ya kipepeo wake ni kama dola 31.

Hajaibiwa. Zimebaki siku 21, na katika siku 21 kahawa inaweza kwenda popote. Haki mbili alizouza bado zina ada nene ndani yake, kwa sababu aliyezinunua bado ana muda wa kungojea. Ada hiyo ikipungua, kipepeo anapanda, lakini hupungua taratibu mwanzoni na kwa kasi mwishoni. Bei ikibaki 4,600 hadi zimebaki siku tatu, kipepeo atakuwa na thamani ya karibu 78. Hizo 122 nyingine zinakuja ndani ya siku tatu za mwisho, na kwa sharti kwamba soko halisogei.

Hapo ndipo uamuzi mgumu ulipo. Katika soko linaloyumba hivyo, mwendo wa kawaida wa siku moja ni zaidi ya dola 120. Siku mbili za namna hiyo upande mmoja zinatosha kumtoa mtu kwenye kilele hadi nje ya hema. Anayengojea 200 kamili anaiweka ile 78 rehani. Wengi wanaojua kazi hii huuza mapema, wanaridhika na mara mbili au tatu ya ada yao, na 180 wanaiacha ibaki kwenye mchoro wa dalali.

Oda isiyojazwa

Tumefika kwenye jambo linalowashangaza wapya wengi. Zile bei za 275, 193 na 131 ni bei za katikati. Kwenye skrini kila haki ina bei mbili: anayonunulia mwenye soko na anayouzia, kama duka la kubadilisha fedha pale Malaba au Busia. Tuseme haki ya 4,400 inanunuliwa kwa 265 na kuuzwa kwa 285. Ya 4,600 inanunuliwa kwa 184 na kuuzwa kwa 202. Ya 4,800 inanunuliwa kwa 122 na kuuzwa kwa 140.

Mfanyabiashara asiye na subira anayechukua bei zilizopo analipa 285 na 140, jumla 425. Anauza haki mbili kwa 184, anapata 368. Kipepeo wake amegharimu 57, karibu mara tatu ya 20. Faida yake ya juu kabisa imeshuka kutoka 180 hadi 143. Hema lake limekuwa jembamba: sasa anahitaji bei iwe kati ya 4,457 na 4,743, na nafasi ya kufaulu imeshuka hadi kama 15 kati ya 100.

Kutoka ni kubaya zaidi. Akitaka kumuuza kipepeo huyo saa ile ile kwa bei za skrini, anapata 265 na 122, jumla 387, na lazima anunue tena haki mbili za katikati kwa 202, jumla 404. Analazimika kutoa dola 17 ili achukuliwe mali ambayo ameinunua kwa 57. Kitu ambacho kwa hesabu hakiwezi kuwa na thamani chini ya sifuri, kwa bei za skrini kinakuwa hasi. Sababu ni kwamba pengo la kununua na kuuza linalipwa mara nne, moja kwa kila haki, ilhali thamani halisi ya kipepeo ni kipande kidogo kinachobaki baada ya namba kubwa kufutana.

Dawa ya kwanza ni kuagiza kipepeo mzima kama kifurushi kimoja, kwa bei moja ya jumla yenye kikomo. Oda inasema: nipe haki zote nne pamoja kwa 20, au usinipe chochote. Hapo hulipi mapengo manne moja baada ya jingine, na huwezi kubaki na bawa moja mkononi.

Lakini oda ya namna hiyo hukaa, na hukaa sana. Mtu wa upande wa pili, mara nyingi kampuni inayoshinda sokoni ikitaja bei za kununua na kuuza, anatakiwa achukue mikataba minne ya hatari kwa wakati mmoja, kwa jumla ya dola 20 kwa tani. Akikupa kwa 20, ambayo ndiyo thamani halisi, hapati kitu kwa kazi yake. Anangoja upandishe. Tena haki za robusta ni chache kuliko za masoko makubwa ya mafuta au mahindi. Biashara hukusanyika kwenye bei chache za namba kamili, na haki unayoitaka wewe inaweza kupita siku nzima bila mtu kuigusa.

Upo pia mtego wa dalili ya uongo. Ukiona oda yako ya 20 imejazwa papo hapo, usishangilie kwanza. Huenda London imekwisha kusogea na kipepeo wako tayari ana thamani ya 17, wewe hujaona. Oda inayongoja hujazwa kwa haraka zaidi pale inapokuwa imeanza kukuumiza.

Utaratibu wa wazoefu ni huu. Kwanza wanakokotoa bei ya katikati wakati soko limetulia, si dakika za kwanza baada ya kufunguliwa. London hufanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa za huko. Kampala hiyo ni saa sita mchana hadi saa mbili na nusu usiku wakati wa baridi ya Ulaya, na saa moja mapema zaidi wakati wa kiangazi chao. Wanaweka oda ya kifurushi kwa 20, wanaiacha kwa muda, kisha wanapandisha kwa dola moja au mbili. Wanaandika kikomo kabla ya kuanza, tuseme 26, na oda isipojazwa hapo wanaiondoa. Kila dola moja ya ziada inapunguza faida ya juu na kubana hema pande zote mbili.

Wengine hujaribu kumjenga kipepeo kwa vipande. Wananunua jozi ya kwanza, yaani haki ya 4,400 na kuuza moja ya 4,600, kwa 82. Halafu wanangoja kuuza jozi ya pili, haki moja ya 4,600 huku wakinunua ya 4,800, wapate 62. Tofauti ni ile ile 20. Ila kati ya hatua hizo mbili ikaja habari ya mvua nzuri Brazili na London ikaanguka hadi 4,250, jozi ya pili sasa inalipa 47 tu. Kipepeo amekuwa wa 35, na bei imekimbia mbali na shabaha. Aliyejenga kwa vipande ameweka dau juu ya mwelekeo wa bei bila kukusudia.

Ongeza ada ya dalali. Tuseme ni dola tano kwa kila haki. Haki nne ni dola 20, yaani asilimia 10 ya zile dola 200 ulizolipia mkataba mmoja. Ukifunga kabla ya siku ya mwisho unalipa tena. Dalali anayesifia kipepeo anajua kwamba oda moja yako ni haki nne kwake, na nane ukitoka.

Siku ya mwisho na mzigo wenyewe

Hatari nyingine inajificha kwenye kilele chenyewe. Haki hizi hazilipwi kwa fedha taslimu, hugeuka kuwa mikataba ya kahawa. London ikiishia 4,590, haki yako ya 4,400 inakupa mkataba mmoja wa kununua tani 10, na zile mbili ulizouza zinakufa. Ikiishia 4,610, unapata mkataba huo mmoja, lakini zile mbili zinakudai mikataba miwili, hivyo unabaki umeuza tani 10 usizokuwa nazo. Dola 20 tu ndizo zinazotenganisha kuamka ukiwa mnunuzi na kuamka ukiwa muuzaji, na kwa vyovyote vile dalali atadai dhamana kubwa kuliko ada ya kipepeo. Ndiyo maana mtu mdogo hufunga nafasi yake siku moja au mbili kabla, hata kama hema bado linapanda.

Mwisho, kipepeo asichanganywe na bima. Mwenye tani 19 ghalani Kampala anaogopa bei ianguke. Bei ikianguka kutoka 4,400 hadi 3,900, mzigo wake umepoteza dola 500 kwa tani na kipepeo hampi hata senti. Kwa hofu hiyo kitu cha kununua ni haki ya kuuza, au kukubaliana bei na mnunuzi mapema. Kipepeo anajibu swali jingine kabisa: kama naamini bei itatua hapa, siku hii, niko tayari kupoteza kiasi gani nikikosea? Dalali akikuletea ofa ya dola 20, muulize mambo matatu kabla ya kutuma fedha: bei za kununua na kuuza za kila haki kwa sasa, jumla ya ada yake kuingia na kutoka, na leo hii angekununulia kipepeo huyo huyo kwa bei gani. Jibu la swali la tatu ndilo litakaloonyesha hiyo 20 ni 20 kweli, au ni 57.